.co.ke: wakala wa mtaani au msajili mwenyewe, ikiwa nataka seva za majina zibaki mkononi mwangu?

Vipuri_Kibuye
Salaam wakuu. Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Kibuye, Kisumu, na nataka jina la .co.ke. Tovuti itakaa kwenye seva ninayokodi ng'ambo, barua pepe iko kwa kampuni nyingine, na rekodi nataka kuziweka Cloudflare kwa akaunti yangu. Kwa hiyo nanunua jina tu. Nimepata njia tatu.

A ni wakala wa hapa mjini. Anauza jina pamoja na nafasi ya tovuti, bei nafuu kabisa, lakini anasema seva za majina zibaki zake. Nikitaka kubadilisha kitu nimtumie WhatsApp. B ni wakala wa Nakuru anayeuza jina pekee na kukupa akaunti ya kuingia mwenyewe, ghali kidogo. C ni kwenda moja kwa moja kwa msajili wa Nairobi aliyeidhinishwa na KeNIC, wale wanaosimamia majina yote ya .ke.

Moyo unavuta kwa A kwa sababu mlango wake naujua. Mngechukua ipi?

OtisWaMilimani
Chukua A, omera. Watu wanaogopa bure. Ukilipa anakupa cPanel, ndani yake kuna Zone Editor, unabadilisha A, MX, TXT, chochote. Hayo ndiyo mamlaka yenyewe, unataka nini zaidi?

Zoni_na_Chai
Otis, Zone Editor inakupa mamlaka juu ya rekodi, na hilo ni kweli. Lakini rekodi hizo zinakaa ndani ya seva zake. KeNIC kwenye sajili yake imeandika kitu kimoja tu: ukitaka kujua habari za jina hili, kaulize seva fulani na fulani. Mstari huo hauguswi kutoka cPanel. Unaguswa kutoka paneli ya usajili, na anayeishika paneli hiyo anaweza kulielekeza jina lako popote wakati wowote. Kwa A, wewe hutaiona paneli hiyo kamwe.

Tena kuna jambo wengi hawalitazami. Seva za A zinaitwaje? Kama ni ns1 na ns2 chini ya domeni yake mwenyewe, siku atakaposahau kulipia domeni hiyo, wateja wake wote wanazimika pamoja naye, hata wewe uliyelipa mapema.

ChamaKakamega
Hii ya kuzimika naijua. Chama chetu tulinunua jina na nafasi ya tovuti kwa wakala mmoja, simtaji. Jina lililipiwa mwaka mzima, ila ankara ya nafasi ya tovuti ilichelewa kwa sababu mweka hazina alikuwa safarini. Wakala akafunga akaunti, na zoni, yaani orodha ya rekodi zote za jina letu, ikaondoka pamoja nayo. Tovuti haikutuuma sana. Kilichotuuma ni barua pepe, na barua pepe hata haikuwa kwake! Rekodi za MX, zile zinazoelekeza barua pepe, zilikuwa kwenye zoni yake, basi. Ankara ya kutukumbusha deni ilitumwa kwenye anwani ya hiyo hiyo domeni, kwa hiyo hatukuiona.

Zoni_na_Chai
Hapo umegusa penyewe. Anwani ya mwenye jina kwenye usajili isiwe ya domeni hiyo hiyo. Weka Gmail ya biashara au nyingine yoyote inayosimama peke yake, kwa sababu ndiyo inayopokea notisi za kulipia upya na ndiyo utakayoitumia kudai jina.

Mwl_Bungoma
Samahani kuingilia. Sisi ni shule, tunataka .sc.ke. Je, Cloudflare wanakubali shule bila cheti cha usajili?

Zoni_na_Chai
Mwalimu, Cloudflare hapa haiuzi jina, inashika rekodi tu. Karatasi za shule utaulizwa na msajili unaponunua .sc.ke, maana hiyo haiuzwi kwa kila mtu kama .co.ke. Mengine yote yanayosemwa hapa yanakuhusu vilevile, hasa jina lisiandikwe la mwalimu wa kompyuta. Akipata uhamisho anaondoka nalo.

DadaKericho
Mimi naona mnazunguka. Ukiwa na Cloudflare kwa akaunti yako umemaliza. Nani atakugusa?

Zoni_na_Chai
Atakayekugusa ni mwenye paneli, dada. Akibadilisha seva za majina kwenye usajili, Cloudflare inabaki na zoni isiyoulizwa na mtu.

Vipuri, kabla hujalipa, mwambie B akujibu mambo matatu kwa maandishi. Jina litasajiliwa kwa nani: wewe au yeye? Je, utabadilisha seva za majina mwenyewe kwenye paneli, au unafungua tiketi? Na msimbo wa EPP, ule wa kuhamia kwa msajili mwingine, unautoa mwenyewe au unaombwa? Akisita kwenye la tatu, ondoka.

Ukishalipa, usiamini paneli inavyosema. Nitaandika mfano.co.ke badala ya jina lako:

```
whois mfano.co.ke
dig +trace NS mfano.co.ke
```

Kwenye whois tazama msajili ni nani. Mara nyingi hutaona jina la wakala, utaona la kampuni aliyonunua kwake. Liandike mahali, kwa maana wakala akifunga duka ndiko utakakokwenda na risiti zako. Kwenye dig, kundi la mwisho ni jibu la seva zilizotajwa na KeNIC, na lililo juu yake ni lile KeNIC inaloambia dunia. Hilo la KeNIC likiwa bado linataja seva za zamani, badiliko lako halijafika, au limeandikwa kwenye zoni badala ya usajili.

ChamaKakamega
Na sisi tulio tayari kwa wakala, tunahamaje bila barua pepe kukatika tena?

Zoni_na_Chai
Jaza zoni mpya kwanza, seva za majina ziguse mwisho. Cloudflare hujaribu kuzikusanya rekodi yenyewe lakini huwa inaacha nyingine, hasa za DKIM, zile za sahihi ya barua pepe, kwa sababu jina lake haliwezi kubahatishwa. Zitoe kwenye Zone Editor kwa mkono. Kisha uliza seva zote mbili swali moja:

```
dig MX mfano.co.ke @ns1.yazamani.co.ke
dig MX mfano.co.ke @seva.mpya.com
```

Weka majina halisi ya seva. Fanya hivyo kwa A, MX na TXT. Majibu yakilingana, badilisha, na zoni ya zamani iache hai siku mbili hivi, kwani kuna mitandao inayokumbuka jibu la zamani. Kama DNSSEC, ule ulinzi wa kutia sahihi rekodi, iliwashwa, ondoa rekodi ya DS kwenye usajili mapema, la sivyo jina litakataliwa na mitandao inayokagua sahihi hata kama rekodi zote ni sawa.

OtisWaMilimani
Sawa, nakubali la paneli. Lakini semeni ukweli, mwenye kinyozi au hoteli ya samaki pale Dunga ataendesha dig? Kwake yeye wakala anayepokea simu saa tatu usiku ana thamani kuliko msimbo wa EPP.

DadaKericho
Hapo Otis ana hoja. Wateja wangu wengi hata paswadi hawazitunzi, nazitunza mimi.

Zoni_na_Chai
Basi wakala ashike kazi, jina liandikwe la mteja na Gmail ya mteja. Ila nakiri, paswadi ikiwa kwako tu, dada, mteja wako yuko pale pale kilipokuwa chama cha Kakamega.

Vipuri_Kibuye
Nimewauliza wote. A anasema EPP hutolewa "baada ya mazungumzo". B amenitumia picha ya paneli, sehemu ya seva za majina iko wazi kwa mteja, na jina litaandikwa la duka. C ana paneli hiyo hiyo, ila tangu juzi hajajibu barua yangu. Naelekea B. Kuna aliyewahi kuhama kutoka kwa wakala wa namna hiyo akapewa msimbo bila kuzungushwa? Hilo picha haionyeshi.