Mrejesho: mkakati wangu wa EURUSD kwenye data usizozijua

Nilichouliza: "Wakuu, mkakati wangu wa wastani mbili kukatana unaleta faida kila mwaka, 2015 hadi 2022. Nitajuaje kama ni wa kweli kabla sijaweka hela?"

Wakuu, asanteni sana. Wikiendi nzima nilijifungia hapa Tabata na daftari. Nilitafuta namba bora za wastani kwenye miaka miwili ya kwanza, nikazijaribu miezi sita iliyofuata bila kugusa kitu, kisha nikasogeza dirisha zima mbele miezi sita na kuanza upya. Nikapata vipande 12 vya majaribio, kuanzia 2017. Matokeo ya vipande hivyo peke yake ndiyo nilijumlisha.

Vitano tu vilileta faida, na baada ya kutoa spredi jumla ikawa hasara. Ila kilichonishtua zaidi ni safu ya namba za wastani mfupi daftarini: 14, 41, 9, 33. Kama soko lingekuwa na tabia ninayoikamata kweli, namba zisingeruka hivyo, maana kila dirisha linachangia robo tatu ya data na lililotangulia. Nilikuwa nakariri kelele.

Data za 2023 na 2024 sijazifungua. Mkuu mmoja alinikanya: nikichungulia, nikarekebisha, nikapima tena, nazo zinakuwa sehemu ya kujengea. Nazitunzia mkakati mwingine, nizipime mara moja tu. Hela haijaingia.