Bodi imenirudishia kurasa 42 za mpango wa ERP, nipunguze nini?

Msimu_Oktoba
Habari za jioni wakuu. Niko Mtwara, kwenye kampuni inayoendesha maghala ya korosho kwa stakabadhi ghalani. Nimepewa kazi ya kuandika kanuni za usanifu wa mifumo yetu, pamoja na ramani ya kutoka tulipo hadi tunakotaka kufika, ili bodi iidhinishe fedha za ERP, yaani mfumo mmoja wa kompyuta wa kuendesha hesabu, ghala na malipo. Niliandika kanuni 14. Juzi mwenyekiti alifungua ukurasa wa tatu, akasoma "Data ni mali ya kampuni", akavua miwani: "Kijana, nikiikubali hii, nani kesho atafanya kazi tofauti na leo?" Nikabaki nimeduwaa. Nina wiki mbili. Nisaidieni.

Mzee_wa_Shangani
Wakubwa hawasomi kanuni. Futa zote, waandikie ukurasa mmoja wa gharama na tarehe. Na mhame kwa mpigo, usiku mmoja mfumo wa zamani unazimwa. Kuendesha miwili kwa pamoja ni kulipa kodi nyumba mbili.

Nachingwea_Ufuta
Sisi huku Lindi tuna ufuta na mbaazi. Mmechagua programu gani? Yetu haisomi mizani, karani anaandika kilo kwenye daftari kisha anaingiza jioni. Ukinunua angalia hilo kwanza.

Msimu_Oktoba
@Nachingwea_Ufuta pole, lakini programu bado hatujachagua. Fedha kwanza.

Bi_Mikindani
Mwenyekiti wako kakupa kipimo kizuri, kitumie. Igeuze kila kanuni kinyume. "Data si mali ya kampuni": kuna mtu atasimama kikaoni kuitetea hiyo? Kama hayupo, basi hujawaomba waamue chochote. Sidhani kama zitabaki zaidi ya nne.

Mfano, andika hivi: "Mkulima anaandikishwa kwenye daftari moja tu, na mwenye daftari ni meneja wa shughuli." Hapo vita vitaanza, kwa sababu leo naamini ghala wana orodha yao ya Excel, malipo wana yao, na vyama vya ushirika vya AMCOS wana ya kwao. Chini yake weka kinachofuata: ghala na malipo watafunga faili zao, na jina lisilomo daftarini halilipwi. Halafu gharama: makarani wa kusafisha majina, kwa miezi mingapi. Niliwahi kukuta Mohamedi, Mohammed na Muhamedi, mtu mmoja, akaunti mbili za benki, na mnada uleule kalipwa mara mbili. Ukurasa kama huo hakuna mkurugenzi atakayeuruka.

Kwenye ramani, chora picha tatu: leo, msimu ujao, na mwisho. Wengi huchora ya kwanza na ya tatu, ilhali pesa hupotelea kwenye ya katikati. Msimu ujao hesabu zitakuwa kwenye ERP na ghala bado kwenye mfumo wa zamani. Lazima pawe na daraja, yaani faili la kilo na majina linalovuka kila jioni. Litaje kwa bei yake na tarehe ya kulibomoa, la sivyo litakaa miaka kumi.

Fedha usiziombe zote. Omba za hatua ya kwanza, na useme ni ushahidi gani utafungua za pili. Mimi ningesema: minada mitatu mfululizo, kilo zilizotoka ghalani na kilo zilizolipiwa zilingane kila mkulima, si jumla tu. Jumla inaweza kulingana huku wawili wamebadilishiwa malipo.

Mzee_wa_Shangani
Daraja nalo ni gharama, Bi Mikindani.

Bi_Mikindani
Ni kweli, mzee. Kwa ghala moja dogo ningehama kwa mpigo kama unavyosema, ila mwezi wa nne, ghala likiwa tupu. Mnada ukishaanza Oktoba, mfumo ukigoma siku ya malipo hamna pa kurudi, na wakulima wamekaa nje ya ofisi.

Msimu_Oktoba
Nimepunguza hadi tano. Ya daftari moja nimemwonyesha meneja wa malipo, kanuna: anasema akikosea meneja wa shughuli, atakayetukanwa na wakulima ni yeye. Halafu, alama ya kumtambua mkulima iwe nini? Namba ya NIDA si kila mmoja anayo. Simu wanabadilisha.

Nachingwea_Ufuta
Sisi tunatumia namba ya uanachama ya AMCOS.

Bi_Mikindani
Hiyo inafaa mpaka umkute mwenye mashamba kwenye AMCOS mbili, na wapo. Ningetoa namba yetu wenyewe, NIDA na uanachama zikae pembeni kama vielelezo. Lakini mke anayeuza kwa jina la mumewe mtamwandika nani? Hilo mimi sikulimaliza. Lipeleke kwa bodi kama swali, na useme nani anatakiwa kulijibu kabla ya Julai.

Msimu_Oktoba
Mwenyekiti mwenyewe ana shamba Tandahimba, linauzwa kwa jina la mkewe. Naanza nalo.