Bafu la Malindi: hesabu yangu ni boksi 11 za taili, fundi ataka 14. Nani amekosea?

Mama_Maweni
Assalaam aleikum. Bafu ni mita 2.40 kwa 1.85, kuta zinapandwa taili za 30 kwa 60 za kulala, mpaka usawa wa juu ya mlango, yaani 2.10. Boksi lina taili 8, mita mraba 1.44. Mzunguko ni 8.50, mara 2.10 ni 17.85. Nikatoa mlango wa 0.80 kwa 2.10, nikatoa na dirisha la 0.60 kwa 0.60, ikabaki 15.81. Ukigawanya kwa 1.44 ni boksi 11. Sakafu ina taili zake, siihesabu hapa. Hizo tatu za ziada ni za bafu langu au za bafu lake?

Hesabu_Safi
Mama, umesahau za kukatwa na kuvunjika. Ongeza asilimia 10 utapata 17.39, ambayo ni boksi 12 na kidogo. Chukua 12. Kumi na nne ni nyingi mno.

Kombo_wa_Lamu
Mimi sikati milango wala madirisha kabisa. Nyumba yangu ya mawe hapa Lamu, fundi rangi alipima ukuta mzima na bado rangi ikapungua, koti la kwanza lilinywewa lote. Kopo limeandikwa lita moja hufika mita 10, kwangu haikufika hata 6.

Mwashi_Barani
Kombo, hilo lako ni jambo jingine. Lipu ya chokaa isiyopigwa praima hunywa rangi, na kipimo cha kopo ni cha ukuta laini uliozibwa. Taili hazinywewi, ila zina dhambi yake: kipande kikikatwa, kilichobaki huenda kisifae popote.

Mama, kabla sijamhukumu fundi nieleze mambo mawili. Ataanzia katikati ya ukuta au pembeni? Na mlango uko wapi?

Mama_Maweni
Katikati, alisema vipande vya pande zote mbili vilingane. Mlango uko ukuta wa 2.40, sentimita 10 kutoka pembe. Dirisha liko katikati ya ukuta mfupi, chini yake ni 1.50 kutoka sakafuni.

Mwashi_Barani
Basi tuache eneo, tuhesabu safu. Taili ikilala ina kimo cha 30, kwa hiyo 2.10 ni safu 7 kamili.

Ukuta wa 2.40 unataka taili 4 kila safu. Za mwisho zitanyolewa kidogo kwa sababu ya unene wa taili za ukuta wa jirani, lakini ni 4. Safu 7, kuta mbili: taili 56.

Ukuta wa 1.85 ndipo penye siri. Ukianzia katikati, taili 2 nzima zinakaa, na kila upande unabaki na pengo la kama sentimita 32. Ukikata 32 kwenye 60, mkononi unabaki na 27 na kitu, na hiyo haizibi pengo la upande wa pili. Kwa hiyo kila safu inakula taili 4, ingawa kwa eneo ni 3 na kidogo. Kuta mbili tena ni 56. Jumla 112.

Mlango kwa eneo ungeokoa taili 9, lakini ulipo, kila safu inaokoka taili moja tu, yaani 7. Dirisha linaokoa 2. Tunabaki na 103. Boksi 13 zina taili 104. Ikivunjika ya pili, kazi imesimama. Fundi yuko sawa.

Hesabu_Safi
Na kingo za ndani za dirisha?

Mwashi_Barani
Umeuliza vizuri. Kina kikiwa sentimita 15, pande nne za dirisha ni mita 2.40, mara 0.15 ni 0.36, sawasawa na tundu lililotolewa! Lakini usinunue taili kwa ajili yake. Yale mabaki ya 27 ndiyo ya kukatwa hapo. Mwambie fundi asiyatupe.

Hesabu_Safi
Akianzia pembeni je? Taili 3 nzima na utepe wa sentimita 5 pembeni. Taili moja hutoa tepe nyingi, boksi 12 zingetosha.

Mwashi_Barani
Zingetosha. Ila utepe wa 5 huvunjika ukikatwa, na pembe isiponyooka huwa 5 chini na 3 juu, jicho linaona mara moja. Mimi ningelipa boksi mbili.

Hesabu_Safi
Mimi ningeuficha utepe kwenye pembe iliyo nyuma ya mlango.

Mama_Maweni
Nikinunua 13 kwanza, halafu nikaongeza ikipungua?

Mwashi_Barani
Hapana, mama. Tazama namba ya bechi ubavuni mwa boksi, zote 14 zilingane. Mzigo mpya dukani unaweza kupishana rangi, hata saizi kwa milimita moja, na hapo mistari haikutani. Kubaliana na mwenye duka kwamba boksi lisilofunguliwa utalirudisha, na umwandikishe kwenye risiti.

Mama_Maweni
Kesho napima pembe kwa skwea kabla sijachagua katikati au utepe.