TV imeandikwa inasoma MP4, video yangu ni MP4, sasa inanikatalia nini?!

SebuleKimya: Wakuu, nimechoka! Nimerekodi mahafali ya mdogo wangu kwa simu, nikahamishia kwenye fleshi, familia nzima imekaa mbele ya TV. Sauti inatoka safi, picha giza tupu. Kwenye simu inacheza, kwenye kompyuta kwa VLC inacheza. Kijitabu cha TV kimeandika MP4 waziwazi. Huu si utapeli?

Kipanga77: Badilisha mwisho wa jina uweke .mkv. Mimi ilinisaidia.

SebuleKimya: Nimefanya. Giza lile lile.

FundiMajira: Kubadilisha jina hakugusi kilichomo. MP4 ni gunia tu. Ndani yake picha ina kodeki yake, yaani namna ilivyobanwa, na sauti ina yake. TV imefungua gunia, sauti ikaitambua, picha ikaishinda. Endesha hii kwenye kompyuta, utuwekee mstari wa Video:

```
ffprobe -hide_banner mahafali.mp4
```

SebuleKimya:

```
Video: hevc (Main 10), yuv420p10le, 3840x2160
```

FundiMajira: Ndo hapo. hevc ni H.265 ya mwaka 2013, na TV nyingi za zamani zinaishia H.264 ya 2003. Tena hiyo 10le ni rangi za biti 10, na zipo chipu zinazosoma H.265 ya biti 8 tu. VLC imekuja na kodeki zake na inatumia nguvu ya kompyuta. TV inategemea chipu yake, ikikosa imekosa.

MamaTripodi: Yangu kinyume, picha ipo sauti hakuna. MKV, sauti DTS. Ninunue spika nyingine?

FundiMajira: Usinunue kitu, dada. Picha iache ilivyo, geuza sauti peke yake iwe AAC.

SebuleKimya: Mimi nimegeuza picha iwe H.264 kwa libx264 ya ffmpeg, nimesubiri dakika 40, BADO GIZA. Hii TV naitupa.

Kipanga77: Si nilisema hizo amri hazina maana.

FundiMajira: Kipanga, tulia. Mkuu, hukuweka pix_fmt, sivyo? Usipoiweka, libx264 inafuata biti 10 za faili la mwanzo, na H.264 ya biti 10 karibu hakuna TV inayoisoma. Rudia, jaribu sekunde 30 kwanza:

```
ffmpeg -i mahafali.mp4 -t 30 -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a copy jaribio.mp4
```

Ikikubali, ondoa `-t 30` ugeuze yote. Ikikataa tena, punguza ukubwa kwa `-vf scale=1920:-2`, huenda 4K nayo inaishinda. Faili la mwanzo usilifute, kila ukigeuza ubora unapungua kidogo.

SebuleKimya: Nimepunguza na ukubwa, PICHA IMETOKA! Ila nyuso zimepauka kama zimemwagiwa unga.

FundiMajira: Ulirekodi HDR imewashwa?

SebuleKimya: HDR ndiyo nini tena jamani?!