Kadi yangu ya swingi: habari ya Ijumaa peke yake inatosha kunizuia?

Mbagala_Swingi: Wakuu salaam. Nina kadi ya karatasi ninayoijaza kabla sijabonyeza kitufe. Ya leo Jumatano, EURUSD, nataka kununua:

Mwelekeo: chati ya siku inapanda. Ndiyo.
Levo: eneo la 1.0780 hadi 1.0840, limeshikilia mara tatu. Ndiyo.
Hatari: akaunti dola 200, asilimia 1 ni dola 2. Naingia 1.0830, stopu 1.0810, loti 0.01. Ndiyo.
Habari: NFP keshokutwa saa tisa na nusu alasiri. Hapo nimekwama.

Tatu zimepita, moja imegoma. Habari peke yake inatosha kunizuia, na mimi nategemea kuishika tredi hii wiki nzima?

Kobe_wa_Chati: Futa huo mstari wa habari. Swingi unashika siku nane, tisa. Ndani ya siku hizo lazima ukutane na NFP, au mfumuko wa bei, au benki kuu fulani inatangaza riba. Ukingoja wiki tupu utangoja mpaka Krismasi, na Krismasi soko limefungwa. Mambo yakiharibika stopu ipo, kazi yake ndiyo hiyo.

Bi_Kisauni: Stopu ipo? Stopu ni oda kama oda nyingine, si ukuta. Bei ikiigusa inageuka kuwa "nitoe kwa bei yoyote iliyopo", na dakika ile ya NFP bei iliyopo yaweza kuwa mbali na ile uliyoandika. Mimi niliweka ya pipsi 30, nikatolewa kwa 47. Nikamwandikia broka kwa hasira, akanirudishia kifungu cha mkataba nilichokubali mwenyewe bila kukisoma. Na kwani mwatumia saa gani huko Bongo? Wamarekani wamerudisha saa nyuma tangu mwanzo wa mwezi. NFP sasa ni saa kumi na nusu, hiyo ya tisa na nusu ilikuwa ya majira yao ya joto.

Mzee_wa_Dau: Dola 200 na kadi juu! Kijana, huo ni mkeka. Tofauti ni kwamba wenzako wanachapiwa, wewe umeuandika kwa mkono.

Mbagala_Swingi: Mzee, mkeka ni wako. Mimi sijawahi kubeti maisha yangu yote. Hizo dola 200 nimezipata kwa kuuza chipsi miezi mitano, na nina daftari la tredi 41 zenye tarehe na sababu. Mcheza kamari gani ana daftari?

Mzee_wa_Dau: Wote wanalo. Shemeji yangu ana mawili.

Kobe_wa_Chati: Mzee ana hoja kidogo, tusimkatae tu kwa sababu ya mdomo wake. Kamari ni pale ambapo hujui utapoteza kiasi gani. Kijana anajua, ameandika dola 2.

Fundi_Loti: Hajui, na ndilo jambo mliloliruka wote mkikimbilia mikeka. Rudini kwenye mstari wa tatu wa kadi yake. Eneo lake la kununulia linaanzia 1.0840 kushuka hadi 1.0780, na yeye stopu ameiweka 1.0810. Iko katikati ya eneo analosema linashikilia. Bei inaweza kushuka mpaka 1.0785, ikageuka na kupanda kama alivyotabiri, na yeye akawa ameshatolewa nje na hasara.

Sasa jiulizeni pipsi 20 zimetoka wapi. Hazikutoka kwenye chati. Zimetoka kwenye hesabu ya dola 2: kwa loti 0.01 kila pipsi ni senti 10, kwa hiyo dola 2 zinanunua pipsi 20 tu. Alianza na hatari anayoitaka, akasogeza stopu mpaka kadi ikasema ndiyo. EURUSD ikitembea pipsi 60 kwa siku ya kawaida, 20 zinaliwa hata bila habari yoyote.

Stopu ya kweli hapa iko chini ya eneo, tuseme 1.0750. Hizo ni pipsi 80, ambazo ni dola 8 kwa loti ndogo kabisa anayoweza kuweka. Asilimia 4 ya akaunti. Mstari wa hatari unapaswa kusomeka HAPANA, na kama huo ni hapana, Ijumaa haina haja ya kujadiliwa.

Mbagala_Swingi: Kwa hiyo mwenye dola 200 asifanye swingi? Maana ndicho mnachosema wote kwa lugha ya upole.

Fundi_Loti: Sijasema hivyo. Fungua akaunti ya senti. Dola 200 zinakuwa senti 20,000, na loti 0.01 ya huko inabeba senti 8 tu kwa stopu hiyo hiyo ya pipsi 80. Ukiweka 0.25 unapoteza dola 2 kamili, stopu ikiwa mahali chati inapotaka.

Mbagala_Swingi: Akaunti ya senti ni ya wanaojifunza. Mimi nilishatoka huko mwaka jana.

Mzee_wa_Dau: 😂 Mkeka una heshima yake.

Bi_Kisauni: Mzee, muache mtoto wa watu. Fundi, turudi kwenye swali lake, kwa sababu hilo la habari hujalijibu.

Fundi_Loti: Sawa dada. Kadi inauliza "habari ipo?", na Kobe ana haki, kwa swingi jibu ni ndiyo karibu kila wiki. Mimi kwenye yangu nimeandika "habari itanikuta wapi?" Ukiingia leo, keshokutwa NFP itakukuta bado uko karibu na bei ya kuingilia, huna faida ya kukulinda. Hapo nangoja ipite, Jumatatu nijaze kadi upya. Lakini kama uliingia wiki iliyopita na uko mbele pipsi 80, unafunga nusu, inayobaki unasogeza stopu hadi pale ulipoingilia, kisha unaiacha ipambane. Na hapa tena loti inarudi: 0.01 haina nusu. Ile 0.25 ya senti unaifunga 0.12.

Bi_Kisauni: Kufunga nusu naafiki. Kusogeza stopu kabla ya NFP siafiki. Mshumaa wa dakika ya kwanza huruka juu na chini ukifagia stopu zote, halafu bei yaenda ulikotaka bila wewe. Nimefagiliwa hivyo mara nyingi mno.

Fundi_Loti: Na mimi nimeokolewa hivyo mara nyingi. Hapo tutakaa mpaka asubuhi.

Kobe_wa_Chati: Halafu mnazungumza kana kwamba habari zote zina ratiba. Waswisi je? Ile 2014, benki kuu ilipoiachia franki.

Bi_Kisauni: Tarehe 15 Januari 2015, Alhamisi. Walikuwa wameshikilia 1.20 kwa euro, na siku hiyo waliachia saa sita na nusu mchana kwa saa zetu. Hakuna kalenda iliyoandika. Bei ilipita chini ya 1.00 na stopu za watu hazikupata mnunuzi njiani. Wapo walioishia kudaiwa na broka.

Kobe_wa_Chati: Si ndiyo? Mstari wa habari ungewasaidia nini?

Fundi_Loti: Haungewasaidia kitu. Aliyekuwa na loti ndogo ndiye alipata nafuu. Narudi kule kule kwenye mstari wa tatu.

Mgeni_Geita: Samahani wakuu, nimesoma yote. Hiyo kadi inauzwa bei gani, na inakubalika ATM zote?

Mbagala_Swingi: Mgeni, ni karatasi tu. Wengine asanteni, ila nilishaingia tangu saa saba mchana. Nilitaka kusikia maoni.

Fundi_Loti: Kwa stopu ipi?

Mbagala_Swingi: 20.